Barua ya Kuomba Bati: Neno kwa Vijiji vya Mara Vinavyojenga Shule

Kidole kimoja hakivunji chawa. Hivyo ndivyo zinavyoanza barua nyingi za kuomba michango ya shule zitokazo vijijini, tangu mwambao wa Musoma hadi vilima vya Butiama na mashamba ya pamba ya Bunda. Nyingine huanza kwa kusema mkono mmoja haulei mwana, na kwa shule pengine methali hiyo ndiyo ingefaa zaidi. Lakini ya chawa imezoeleka, nasi hatuigombi. Tunalogombea ni hili, kwamba baada ya methali hiyo nzuri barua nyingi husema tu kuwa kijiji kinahitaji darasa, kwamba watoto wanateseka, na kwamba wenye uwezo watume chochote walichojaliwa. Msomaji wa barua hiyo, aliye Mwanza au Dar es Salaam, huisoma mara moja, akaguna kwa huruma, akaiweka kando. Mwezi ukipita haikumbuki tena.

Sisi hatusemi kuwa msomaji huyo ni bahili. Twasema barua haikumwambia alichotakiwa ajue. Methali yenyewe yataka vidole viwili, na kidole cha kwanza ni cha wanakijiji wenyewe. Barua isiyoonyesha kidole cha kwanza kimefanya nini haina haki ya kuita cha pili.

Mkoa wa Mara una historia ndefu katika jambo hili. Mwaka 1934 mtoto mmoja wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, mwenye umri wa miaka 12, alitoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, mjini Musoma, mwendo wa maili 26. Haikuwa safari ya kwenda na kurudi kwa siku, bali ilimbidi akalale hukohuko shuleni. Miaka 40 baadaye, mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mji huohuo wa Musoma, mtoto yule akiwa sasa ni Rais na kiongozi wa chama, ikaamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe na nafasi darasani. Azimio lile la Musoma ndilo lililoileta shule kijijini, na vijiji ndivyo vilivyojenga. Palipokuwa na haraka kuliko saruji pakajengwa kwa udongo, na udongo huo ukatakiwa kujengwa upya mara nyingi.

Baadaye, kuanzia Januari 2016, ada na michango ya lazima ilipoondolewa tangu shule ya msingi hadi kidato cha nne, watoto waliokuwa wamebaki nyumbani wakaja kwa wingi. Kipimo cha serikali kwa shule ya msingi ni watoto 45 katika chumba kimoja. Mwenye kutaka kujua hali ya kijiji chake asiulize ofisini. Aende shuleni saa mbili asubuhi ahesabu vichwa.

Sasa tuje katika jambo lenyewe. Katika miaka hii ujenzi wa darasa la kijijini umekuwa na desturi ya namna yake. Wanakijiji hupandisha kuta mpaka kwenye linta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta juu ya milango na madirisha, kisha hungojea msaada wa kuezeka na kumalizia. Jengo hilo lisilo na paa huitwa boma. Katika Jimbo la Musoma Vijijini, lenye kata 21 na vijiji 68, sekondari kadhaa za kata zimeanzishwa kwa njia hii tangu Profesa Sospeter Muhongo alipochaguliwa mbunge mwaka 2015: wananchi wakisomba mawe, mchanga na maji, na mbunge, serikali na wafadhili wakiongeza saruji na mabati. Serikali nayo huyajua maboma. Mwezi Oktoba 2021 ilitoa shilingi bilioni 7 zilizotokana na tozo ya miamala ya simu ili kumalizia maboma 560 ya madarasa nchini, yaani shilingi milioni 12.5 kwa kila chumba. Mwaka huohuo madarasa 15,000 yaliyojengwa kutoka msingi kwa fedha za mpango wa kupambana na UVIKO-19 yalikadiriwa shilingi milioni 20 kila kimoja. Tukitoa hesabu moja katika nyingine, twaona kuwa kazi ya wanakijiji ya kufikisha boma ina thamani ya shilingi milioni 7 na nusu hivi kwa bei za mwaka ule. Kidole cha kwanza si kidogo.

Lakini boma lina adui wake, naye ni mvua. Ukuta uliojengwa vizuri lakini ukaachwa wazi juu hunywa maji kila vuli na kila masika. Maji hupita kati ya matofali, yakalainisha udongo au saruji hafifu iliyoyaunga, na kona zikaanza kuachana. Tumwambie mwanakijiji namna ya kulijua boma lake kama bado li hai: achukue msumari akwangue kiungo kati ya tofali na tofali. Kikitoa vumbi kidogo na kugoma, salama. Kikimwagika kama mchanga, asiombe mabati kwanza, maana paa jipya juu ya ukuta uliokufa ni hatari kwa watoto kuliko kukaa chini ya mti. Aite fundi na mhandisi wa halmashauri waseme ni kozi ngapi za juu zibomolewe. Maboma yaliyongojea miaka mitano si machache, na barua za kuyaombea huandikwa kana kwamba yalikamilika jana.

Kwa hiyo barua njema huanza na hesabu, na hesabu ya darasa haihitaji msomi. Tuchukue chumba kimoja cha mita 9 kwa mita 7. Mzunguko wake ni mita 32. Msingi wa mawe wenye upana wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 90 utakula mawe ya meta za ujazo 13 hivi, ambayo uzito wake hupita tani 20. Mtu mmoja akibeba kilo 20 kichwani, hizo ni safari 1,000. Mtu mmoja hawezi. Watu 100, kila mmoja safari 10, wanaweza kumaliza katika Jumamosi mbili ikiwa mawe hayako mbali, na katika nchi ya majabali kama ya Musoma na Butiama kwa kawaida hayako mbali. Hapo ndipo methali ya chawa inapokuwa na maana inayoweza kupimwa kwa mizani.

Kuta nazo: mita 32 kwa kimo cha mita 3 ni mita za mraba 96. Toa madirisha sita na mlango, zipatazo 16. Ongeza pembe tatu mbili za juu zinazobeba paa, zipatazo 13. Zinabaki 93. Tofali la saruji la inchi 6 huenda kumi kwa mita moja ya mraba, basi ni matofali 930, nasi twasema 1,000 kwa sababu yapo yatakayovunjika. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ukitoa matofali 30, itahitajika mifuko 34 kwa matofali tu, kabla ya kuyaunga, kumwaga linta, sakafu na kupiga lipu. Ajitokezapo fundi akasema atatoa matofali 50 kwa mfuko mmoja, kamati isifurahi. Iinue tofali lake hadi usawa wa goti, iliachie lianguke juu ya ardhi ngumu, na ione kama litabaki tofali.

Paa la chumba hicho, la pande mbili, lenye kutokeza nje kidogo, lataka mabati 28 kila upande ya urefu wa mita 2.5, yaani 56. Mbao za kenchi na papi, misumari na kofia za juu fundi atazihesabu kwa mchoro wa halmashauri, na mchoro huo kijiji kiuombe kabla ya kuchimba msingi. Chumba kilichojengwa kwa vipimo vya kubuni kinaweza kukataliwa siku ya kuomba fedha za kumalizia, na hasara hiyo haina wa kuilipa.

Kutokana na hesabu hii barua inaweza kuandikwa. Tunatoa mfano mmoja, wa kijiji cha kubuni, na tarakimu zake ni za kufundishia tu:

"Ndugu zetu wa kijiji hiki mlioko Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na kwingineko. Salaam nyingi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi tuliobaki nyumbani tumeleta kidole chetu, na tunawaeleza kilichofanyika kabla ya kuwaomba. Darasa la tatu la shule yetu lina watoto 118 katika chumba kimoja. Mkutano Mkuu wa Kijiji uliamua kujenga chumba cha pili. Kaya 280 zimesomba mawe ya msingi na mchanga wote, na akina mama wamejaza maji. Tumefyatua matofali 1,000 na kuta zimefika kwenye linta. Mhandisi wa halmashauri amekagua na taarifa yake imebandikwa ofisi ya kijiji. Mabati yanayotakiwa ni 56. Kaya zetu zimenunua 20. Yamebaki 36. Tunamwomba kila mmoja wenu bati moja, au wawili washirikiane bati moja. Bei ya leo katika duka la mjini imeandikwa chini ya barua hii pamoja na jina la duka. Asiyeweza bati atume kilo moja ya misumari ya bati. Tunataka kuezeka kabla ya mvua za vuli. Fedha ziwekwe katika akaunti ya shule, si katika simu ya mtu, na kila atakayetoa ataletewa stakabadhi. Mwezi ujao tutawaandikia tena kuwaambia yamepatikana mangapi, hata kama ni mawili tu."

Barua hiyo haina machozi, na haikusahau heshima. Msomaji anajua kimefanyika nini, kimebaki nini, na sehemu yake ni ipi. Nguvu yake yote imo katika maneno "yamebaki 36". Mtu akiombwa kujenga shule hukimbia, lakini akiombwa bati moja katika 36 huona kuwa asipolitoa yeye patakuwa na tundu juu ya kichwa cha mtoto fulani.

Juu ya wakati wa kupeleka barua tuna maneno kidogo, kwa sababu vijiji hukosea hapa kuliko popote. Mkulima wa pamba wa Bunda hana fedha mwezi Januari, hata akitishwa. Anazo pamba inapouzwa, katikati ya mwaka. Mvuvi wa dagaa wa Musoma hupata wakati wa giza la mwezi, maana dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi na mitumbwi hulala. Mkutano wa michango ukiitishwa kijiji cha ufukweni wakati wa mbalamwezi utapata watu wengi na fedha chache. Mtumishi wa mjini naye ana mwisho wa mwezi wake. Na mvua ina ratiba yake isiyobadilishwa na kikao, kwamba vuli huanza karibu na Oktoba, hivyo anayetaka kuezeka kabla yake hana budi kuandika barua mwezi Juni.

Na saruji iombwe mwisho. Bati linaweza kulala ghalani mwaka mzima likingoja wenzake. Saruji haiwezi. Baada ya miezi mitatu hivi huanza kupoteza nguvu, na ikiwekwa juu ya sakafu yenye unyevu huganda upesi zaidi. Tumeona mifuko ya msaada iliyopokewa kwa vigelegele ikawa mawe kabla fundi hajapatikana. Kamati iipange juu ya mbao, mbali na ukuta, na ivunje kibonge kwa vidole kabla ya kutumia. Kikisagika, itumike. Kikigoma, isitiwe katika linta wala katika tofali la ukuta.

Sasa tuseme juu ya fedha na sheria, maana barua yaweza kuwa nzuri na bado ikamtia mtu matatani. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni, kwa sababu watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa deni la wazazi wao. Aliye tayari kuchangia kwa hiari akaelekezwa apitie uongozi wa halmashauri, si mikononi mwa mwalimu. Kwa hiyo barua ya kijiji haipelekwi na mtoto, haisomwi darasani, haina orodha ya wazazi "wadaiwa" iliyobandikwa ubaoni, na nafasi ya mtoto darasani haitajwi ndani yake kabisa. Inatoka kwa Halmashauri ya Kijiji, kwa uamuzi wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, mwenye ofisi akiwa Mtendaji wa Kijiji, na mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya ana nakala. Wapo watakaosema kuwa huku ni kuzungusha mambo. Sisi twaona kuwa mjane asiye na bati ana mtoto aliye na haki ileile, na amekwisha kuleta mawe yake kichwani.

Majirani zetu wa Kenya, ng'ambo ya Sirari, wana somo juu ya hili. Harambee yao, iliyoenezwa na Mzee Jomo Kenyatta tangu uhuru wa 1963, ilijenga sekondari nyingi mno, hata zikazidi zile za serikali katika miaka ya 1970. Lakini polepole jukwaa la michango likawa jukwaa la wakubwa kushindana nani ametoa bahasha nene, na wenye maduka wakachangia kwa kuogopa ofisi ya mwombaji. Ilibidi sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 iwawekee mipaka viongozi wanaokusanya michango. Nasi tukiwa gazeti la chama hatuoni haya kuwaambia viongozi wetu wenyewe: jina la diwani au mbunge likiandikwa kwa herufi kubwa kuliko idadi ya mabati, barua hiyo imekwisha kuwa ya uchaguzi. Kiongozi ana mahali pake katika orodha ya waliotoa, kwa herufi zilezile za mwalimu mstaafu na muuza dagaa.

Jambo la mwisho, nalo ndilo linalosahauliwa kuliko yote, ni barua ya pili. Kwa kawaida mchangaji huandikiwa mara moja, anapoombwa. Hajui bati lake liligongwa wapi, wala kama liligongwa. Mkutano Mkuu wa Kijiji hukutana kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Karatasi hiyo iliyosomwa ndiyo barua ya pili, haihitaji kutungwa upya. Iandikwe hivi: yaliyopokewa, yaliyonunuliwa, stakabadhi namba fulani, yaliyobaki ghalani, na yaliyoharibika. Neno "yaliyoharibika" lisiogopwe. Kijiji kinachoandika kuwa mabati mawili yaling'olewa na upepo na mifuko mitatu ya saruji iliganda kitaaminiwa mwakani kitakapoomba madawati, kwa sababu kila mwenye akili anajua kuwa katika kazi ya ujenzi hapakosi kilichoharibika, na asiyekitaja amekificha.

Kamati za shule zilizo na boma linalongoja msimu huu zianze na ule msumari. Zikwangue kona zote nne, kozi za juu na chini ya madirisha, ziandike zilichokiona, zimwite mhandisi wa halmashauri, kisha ndipo zikae kuandika idadi ya mabati yaliyobaki.